Chumba cha Mama Kiko Juu

Mlangoni mwa chumba cha mikutano, msanifu mkuu wa majengo, ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee Penseli, alimshika bega binti aliyekuwa msanifu mpya.

"Leo ni kikao chako cha kwanza na mteja. Andika maneno yao kama wanavyoyasema, usiyapambe. Andika nani kaamua na nani kaahidi. Ukiulizwa tarehe au bei, nirudishie mimi. Mimi nitakuwa nachora, kwa hiyo macho yako yawe kwenye nyuso zao. Ukiwa na neno, ngoja nikugeukie."

Binti aliitikia. Akafungua daftari lake.

Mteja alikuwa mwalimu anayejenga nyumba ya ghorofa moja. Alikuja na mkewe, pamoja na mama yake mzazi. Alieleza kila kitu kwa furaha, Mzee Penseli akichora.

"Chumba cha Mama kiko juu," mwalimu alisema. "Kina baraza, apate upepo. Amenilea kwa shida, sasa akae juu yetu sote!"

Wote walicheka. Mama naye alicheka, ila mkono ulishuka polepole ukalikanda goti. Ngazi zilipotajwa, mkono ulirudi palepale.

Binti aliandika: *Mama – ngazi – goti?* Maneno yalimjaa mdomoni. Lakini akisema hapo, si atamwaibisha mama wa watu na kumkatisha mwalimu raha yake? Akajikaza.

Mwalimu akamgeukia ghafla. "Eti dada, tutahamia kabla ya mvua?"

"Ndiyo" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Akaimeza. "Hilo mkuu wangu atakujibu vizuri zaidi."

Mzee Penseli alijibu kwamba hataahidi kabla ya kupata kibali cha ujenzi. Kisha akaweka penseli chini, akamtazama binti. "Kuna tulichoruka?"

Binti alitazama alichoandika. "Nilitaka kuuliza tu. Kwa siku ya kawaida, nani atapanda na kushuka ngazi mara nyingi zaidi?"

Mwalimu alifungua mdomo, lakini mama akamtangulia.

"Mwanangu, ni mimi. Na goti hili... nilishindwa kukwambia, ulivyokuwa umefurahi."

"Mama! Kwa nini usiniambie?"

"Si ndiyo nimekwambia?"

Mke wa mwalimu aliangua kicheko, mwalimu mwenyewe akafuata, huku akijifuta macho. Mzee Penseli alishachukua karatasi mpya. Chumba cha mama kikashuka chini, kikapata baraza upande wa bustani, na chumba cha wageni kikapanda juu. Mwishoni binti aliwasomea yaliyoamuliwa na nani atafanya nini. Hakuna aliyebisha.

Walipobaki wawili, binti aliketi kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Mimi sikuliona goti," alisema Mzee Penseli. "Ningechora ngazi nzuri sana za kumtesa yule mama."

"Niliogopa nimechelewa kusema."

"Ungewahi kusema, yule mama angekana. Ila hukuandika nani anafuatilia kibali."

Binti alipekua kurasa zake. Kweli. Akacheka, akashika tena kalamu.