Eydís wa Ása

Toleo la sita lilifika Ijumaa asubuhi, na Salvör alilipokea kama mtu anayeletewa tena sahani ile ile aliyoirudisha jikoni mara tano.

Kazi yake ilikuwa ya mwisho kabla video haijatoka. Picha zimeshakatwa, muziki umeshawekwa, kila mtu amechoka na anataka kwenda nyumbani, ndipo Salvör anakaa mbele ya skrini kusoma kila neno lililoandikwa juu ya picha: nani huyu anayezungumza, hapa ni wapi, ilikuwa lini, na mwishoni ile orodha ndefu inayopanda juu ambayo watazamaji huiona wakiwa wanatafuta makoti yao. Anasimamisha picha kwenye kila jina. Orodha ya mwisho anaisoma kutoka chini kwenda juu, kwa sababu ukiisoma kutoka juu jicho hujifanya linajua kinachofuata.

Filamu yenyewe ilihusu Hafrún, mashua ya uvuvi iliyogonga miamba katika fjodi za magharibi, zile ghuba nyembamba kati ya milima, majira ya baridi ya mwaka 1996, na wanakijiji waliowavuta mabaharia mmoja mmoja kwa kamba hadi ufukweni. Siku ya Mabaharia ilikuwa Jumapili. Filamu ingeonyeshwa kwenye ukumbi wa kijiji, watu wakiwa na keki na kahawa, na usiku huohuo televisheni ingeirusha nchi nzima. Televisheni walitaka faili Ijumaa hiyo kabla ya saa kumi.

Mpaka hapo Kjartan, mhariri, alikuwa amemtoa Salvör roho kwa awamu. Toleo la kwanza lilikuwa na herufi za kupendeza sana, ila hazikuwa na þ wala ð, herufi za lugha yao, kwa hiyo nusu ya wanakijiji walitokea na visanduku vitupu katikati ya majina. Toleo la pili lilisema "Jumanne, 12 Februari 1996". Salvör alifungua kalenda: tarehe kumi na mbili ilikuwa Jumatatu. Mashua ilitoka bandarini Jumatatu, ikagonga mwamba baada ya saa sita usiku, yaani Jumanne ya tarehe kumi na tatu. Toleo la tatu lilikuwa na tarehe sahihi na visanduku vimerudi. La nne lilipanga wanakijiji wote kwa jina la baba.

"Kjartan," alimwambia kwa simu siku hiyo, "umepanga kina Jónsdóttir wote pamoja kama ukoo. Hawa wanawake wanne hawajuani! Kila mmoja ni binti wa Jón wake."

"Ni kile kiolezo cha Copenhagen. Kinajipanga chenyewe."

"Umekaa Copenhagen miaka sita, siyo sitini. Kitabu cha simu cha kwenu hukukumbuka? Panga kwa jina la kwanza."

"Sawa, sawa, mama mkali."

"Mama mkali ana watoto watatu nyumbani, hahitaji wa nne."

La tano lilikuwa karibu safi. Lilibaki swali moja tu. Kwenye kadi ya kumbukumbu, ile inayotokea peke yake kabla ya orodha, iliandikwa: *Ása Þorvaldsdóttir, 1951–2019*. Ása ndiye aliyekaa kwenye redio ya kikosi cha uokoaji usiku ule wote, akisema na mashua mpaka mtu wa mwisho aliposhuka. Salvör hakupata popote pa kuthibitisha mwaka wa kuzaliwa, akamwandikia mtayarishaji, Bergljót, mara tatu: mwaka huu umetoka wapi? Bergljót hakujibu hata mara moja.

Sasa hili la sita. Kjartan aliandika: "Nimerekebisha kitu kimoja tu, huna haja ya kulitazama lote."

Salvör aliyaona maneno hayo, akajitilia kahawa, akalianza kutoka sekunde ya kwanza. Kila aliyewahi kumwambia hana haja ya kutazama lote alikuwa ameharibu kitu.

Dakika ya kumi na moja akasimamisha picha.

Mwanamke wa miaka arobaini na kidogo alikuwa ameketi dirishani, mlima mweupe nyuma yake. Huyu ndiye aliyeibeba filamu. Alikuwa na miaka kumi na miwili usiku ule, amelala chini ya meza ya redio kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwachia, akisikia sauti ya mama yake ikiwaambia wanaume walio gizani wasilale, wasilale. Chini ya uso wake, tangu toleo la kwanza, paliandikwa *Eydís Ásudóttir*. Eydís, binti wa Ása.

Sasa paliandikwa *Eydís Hreinsdóttir*, binti wa Hreinn.

Akakimbilia orodha ya mwisho. Hreinsdóttir huko pia. Akapiga simu.

"Kjartan, nani amekwambia ubadilishe jina la Eydís?"

"Bergljót. Kasema lilikuwa kosa."

"Na wewe ukaandika tu?"

"Salvör, mimi naandika ninachoambiwa! Ukiniambia niandike kwamba mimi ni askofu, nitaandika."

Akampigia Bergljót, ambaye safari hii alipokea, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiiogopa simu hiyo.

"Hreinn alinipigia," Bergljót alisema. "Alionyeshwa toleo la tano. Anasema yeye ndiye baba, anajua jina la mtoto wake."

"Hreinn yupi?"

"Salvör. Hreinn wa kiwanda cha samaki. Yule ambaye bila yeye tusingekuwa na filamu."

Jina la Hreinn Salvör alilijua vizuri. Lilikuwa kwenye kadi ya shukrani, kubwa, juu ya wafadhili wote, na alilihakiki mara tano.

"Umemuuliza Eydís?"

"Nimefikiria njia ya katikati. Tuandike 'Eydís' tu. Sisi sote tunaitana kwa jina la kwanza, hakuna atakayeshangaa."

"Watu kumi na tisa wana majina mawili na yeye ana moja? Ataonekana kama ameokotwa ufukweni pamoja na mabaharia. Nakuuliza tena, umemuuliza?"

"Muda uko wapi?"

"Muda mlikuwa nao wa kulibadilisha," Salvör akasema, akakata.

Yeye alikuwa na utaratibu mmoja tu kuhusu majina, nao ulikuwa wa kuchosha: anaulizwa mwenye jina. Akampigia Eydís. Nyuma palisikika kelele za watoto. Eydís alikuwa mwalimu, na ilikuwa mapumziko.

"Salvör hapa, nasoma maandishi ya filamu. Nataka kuhakikisha tu. Jina lako liandikwe vipi?"

"Eydís Ásudóttir. Kwani limeandikwaje?"

Salvör hakuwa na kipaji cha kuzungushazunguka. Akamwambia.

Kelele za watoto ziliendelea. Kisha Eydís akasema, polepole, "Huyo bwana aliondoka nikiwa na miaka minne. Alihamia upande wa pili wa fjodi. Upande wa pili tu, Salvör, taa zake tulikuwa tunaziona. Nilipofika miaka kumi na minane nilienda kubadilisha jina mwenyewe, nikarudi nikamwonyesha mama karatasi, akaniambia nisimame vizuri nisiukunje mgongo." Akavuta pumzi. "Likitoka hilo jina, nitoeni mimi. Kila mahali. Sitaki hata sauti."

"Nimekuelewa."

"Siyo vitisho."

"Najua. Ndiyo maana nimepiga."

Bila Eydís hapakuwa na filamu; palikuwa na wazee wanaoelezea kamba. Bila Hreinn, pengine kusingekuwa na ukumbi wala keki. Bergljót angezunguka hivyo mpaka saa kumi ipite. Salvör akatafuta namba ya kiwanda.

Hreinn alipokea mwenyewe. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea huku mashine zinanguruma.

"Wewe ndiye unayesahihisha makosa," alisema. "Vizuri. Umeona lile nililowarekebishia?"

"Nimeona. Halikuwa kosa. Nimemuuliza mwenyewe."

"Mimi ni baba yake."

"Hilo sijalikataa. Mimi nasoma maandishi tu, Hreinn. Jina lake ni Ásudóttir, na ndivyo litakavyotoka, au atatoka yeye."

"Jumapili ukumbi wote utakuwa pale," akasema. "Kijiji kizima kinajua ni wangu. Wataliona hilo jina hapo, kubwa namna ile, halafu watageuka waniangalie mimi."

"Labda."

"Naweza kuondoa jina la kiwanda."

"Unaweza. Ila niambie kabla ya saa nane, kwa sababu kadi ikitoka lazima faili litengenezwe upya na mimi nilitazame tena lote, na nina mtoto wa kuchukua bwawani."

Alitegemea kukatiwa simu. Badala yake aliisikia mashine ikizimwa huko, kisha nyingine.

"Ása mmemwandikaje?" Hreinn akauliza.

Salvör akasogeza picha mpaka kwenye kadi ya kumbukumbu. "Ása Þorvaldsdóttir. Elfu moja mia tisa hamsini na moja hadi elfu mbili kumi na tisa."

"Hamsini na mbili."

"Una hakika?"

"Alizaliwa hamsini na mbili, mwezi wa Machi, tarehe nane. Kila mwaka alilalamika kuwa theluji inamharibia keki." Alikohoa. "Hamsini na moja ni dada yake. Muulize huyo binti wa Ása, kama huniamini mimi."

Ndipo akakata.

Salvör alibaki ameshika simu, hasira zote tayari na hana wa kumpa. Mara tatu ameuliza! Mara tatu, mtayarishaji ana diploma mbili ukutani, na jibu linatoka kwa mtu pekee ambaye hakuna aliyetaka kumsikia leo.

Akampigia Eydís tena. Darasa lilikuwa kimya sasa; Eydís alinong'ona, pengine yuko kwenye korido.

"Mama yako alizaliwa mwaka gani?"

"Hamsini na mbili. Tarehe nane Machi. Kwa nini?"

"Tuliandika hamsini na moja."

"Huyo ni mama mkubwa! Ee Mungu. Ingetoka hivyo mbele ya ndugu zake wote? Nani kagundua?"

Salvör angeweza kusema *mimi*. Ingekuwa rahisi kwa kila mtu.

"Hreinn," akasema.

Mlango ulifunguka mahali fulani, mtoto akauliza kitu, akaambiwa angoje.

"Tarehe pia aliikumbuka?"

"Tarehe, na keki."

"Hebu," Eydís akasema, kisha akaanza upya. "Jina langu linabaki kama nilivyokwambia."

"Hilo tumemaliza."

"Na lake kwenye shukrani, lipo?"

"Mpaka sasa lipo. Hajasema litoke."

"Basi liacheni. Mwandikeni vizuri tu."

Salvör akamtumia Kjartan masahihisho matatu: Ásudóttir kwenye dakika ya kumi na moja, Ásudóttir kwenye orodha, 1952 kwenye kadi. Chini yake akaandika kwamba asiguse kitu kingine chochote, asifungue faili la zamani, asipambe. Saa nane ilipita na Hreinn hakupiga. Toleo la saba likafika.

"Hili hakika huna haja ya kulitazama lote," Kjartan alisema kwenye simu.

Salvör akalianza kutoka sekunde ya kwanza. Eydís alikuwa Ásudóttir. Ása alizaliwa 1952. Hreinn alikuwa pale juu ya wafadhili, herufi zote zimekamilika. Akaanza orodha kutoka chini, jina kwa jina, akapanda, akapanda, na kwenye mpishi wa wafanyakazi akakuta kisanduku kitupu.

"Kjartan!"