Laini ya Fundi Baridi

Siku aliyoondoka Fundi Baridi, simu yake iliita hadi ikachoka, kisha sauti yake mwenyewe ikamjibu mkewe: "Umempigia Fundi Baridi. Niko juu ya paa au mikono ina mafuta. Sema jina, sema ulipo, sema friji inafanya nini. Usiipige mateke. Na kama ni wewe Mama, ndiyo, nimekula."

Mkewe hakushtuka. Ilikuwa asubuhi ya kazi, na mumewe alikuwa juu ya paa la bucha akibadilisha feni ya chumba cha baridi. Mlio ulipolia akaacha ujumbe: "Ukishuka pitia kwa muuza vipuri, gesi imetuishia." Akakata, akaendelea kufuta meza. Hakujua kuwa anampa kazi mtu ambaye moyo wake ulikwisha simama.

Aliyeleta habari ni Mrefu, fundi mwenzake. Mlango wa karakana ni mfupi, na Mrefu alizoea kuinama kila alipoingia. Siku hiyo hakuinama. Akajigonga paji la uso kwenye kizingiti, wala hakupeleka mkono kulisugua. Mkewe Fundi alipoona vile, akakaa chini kabla hajaambiwa neno.

Walizika. Watu wakaja, wakalia, wakala, wakaenda. Simu ya marehemu ilizimwa, ikatiwa kwenye droo ya meza ya karakana, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuvumilia kuisikia ikiita.

Ila namba yake haikuzikwa. Ilikuwa imepakwa rangi ubavuni mwa gari, na imebandikwa kwenye kila friji aliyowahi kuigusa, kuanzia za maduka ya maziwa hadi ile ya chanjo pale zahanati. Friji ilipokorofisha, watu waliitazama stika wakapiga. Na kwa kuwa simu ilikuwa imezimwa, kila aliyepiga alipokewa na ile sauti ikimwambia fundi yuko juu ya paa. Waliojua msiba walikata haraka kama walioshika waya wa umeme. Wasiojua waliacha ujumbe na kungoja. Muuguzi wa zahanati alingoja mchana kutwa, na chanjo zikaharibika.

"Shemeji," Mrefu akasema siku walipofungua tena karakana, "bora tusijibu kabisa kuliko kumwambia mtu tunakuja na hatuji. Ujumbe wa sauti ni mzuri kama kuna wa kuusikiliza. Yeye alikuwa akishuka paa, kabla hajanawa, anausikiliza. Sasa nani anashuka?"

"Unatakaje?"

"Tudaivati. Simu zote za laini yake zije hapa mezani kwako."

Ni yeye, mkewe, aliyekuwa akipokea simu za mezani tangu zamani. Kwenye simu yake hiyo alikuwa amewasha huduma ya simu kusubiri, ili akiwa na mteja mmoja asikie mlio wa pili wa mwingine anayebisha hodi. Mumewe hakuitaka huduma hiyo kwenye ya kwake. "Namwelekeza mtu afunge valvu, halafu sikioni kinalia kidude," alikuwa akisema. "Atafunga asichotakiwa kufunga." Kwa hiyo alijipangia hivi: akiwa anaongea, anayepiga aletwe mezani kwa mkewe; yeye Fundi asipopokea, au akiwa ndani ya chumba cha baridi ambako mtandao haupenyi kuta za bati, aende kwenye ujumbe wa sauti.

Mrefu akaiwasha simu, akabonyeza nyota, namba, alama ya reli. Kioo kikaandika kuwa simu zote zimeelekezwa. Kazi ikarudi. Wateja wakafurahi kusikia mtu hai. Mkewe Fundi alizoea kusema, "Karakana ya baridi, karibu," bila sauti kukatika katikati.

Kulikuwa na simu moja tu iliyomtatiza. Ilikuja kila mchana, wakati watu wanapokaa kula. Simu ikielekezwa, namba inayoonekana ni ya aliyepiga, na namba ile aliijua: ya mama mkwe wake.

"Karakana ya baridi, karibu. Mama? Shikamoo Mama."

Kimya. Pumzi. Kisha ikakatwa.

Akipiga yeye, haikupokelewa. Kesho yake ikawa vilevile. Akaanza kuwaza yale ambayo mjane huwaza. Labda mama anamlaumu kwa kumwacha mwanawe apande paa jua kali. Labda anamlaumu kwa kufungua biashara mapema, matanga hayajapoa. Mzigo ule ukamkaa kifuani kama kipande cha barafu kisichoyeyuka.

Ndipo wifi yake akapiga, dada wa marehemu, aliyeolewa mbali.

"Wifi, Mama hali."

"Hali kivipi?"

"Anapika, anapakua, anaiangalia sahani, anaifunika. Jirani kaniambia. Nikimuuliza mimi anasema ameshiba. Na wewe hapokei simu yako, sivyo?"

"Hapokei. Nadhani ana hasira na mimi."

"Hasira za nini? Subiri hapohapo, usikate. Nampigia, nitatuunganisha wote watatu. Mambo ya kupelekeana salamu kama vijiti vya mbio siyataki. Kila mtu asikie kwa sikio lake."

Wifi akamweka asubiri, akampigia mama yake, kisha akaziunganisha laini. Mara sauti ya mama mkwe ikasikika karibu kabisa, pamoja na kuku wake wakigombana nyuma.

"Mama, usikate," wifi akasema. "Tuko watatu. Mkweo yumo, anakusikia."

Mkewe Fundi akaibana simu sikioni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa nyembamba. "Usidhani nina neno na wewe. Sina."

"Mbona unanikatia, Mama?"

"Kwani nilikupigia wewe? Nilimpigia yeye."

Kuku mmoja akafukuzwa.

"Nilikuwa nampigia nikishapakua," mama akaendelea. "Anasema yuko juu ya paa. Anasema, kama ni wewe Mama, nimekula. Basi na mimi nakula. Najua kafa, msinione nimechanganyikiwa. Nilimwosha uso kwa mikono hii. Ila nilikuwa nakula. Halafu siku moja nikapiga, ukapokea wewe."

Wifi alikuwa akilia pembeni ya simu, akijaribu asisikike. Mkewe Fundi akasema, "Nitamrudisha, Mama. Leo hii."

Alisema bila kufikiri, na bila kufikiri vilevile akaitoa simu kwenye droo. Mrefu alikuwa amekwenda kazini. Alikumbuka mumewe aliwahi kumfundisha alama moja ya kufuta maelekezo yote kwa mpigo, aliponunua simu mpya akataka kuanza upya. Akaiandika, akabonyeza. Kioo kikasema zimefutwa. Akaizima simu, kama ilivyokuwa imezimwa zamani, akapiga kwa simu ya mezani ili ahakikishe.

"Namba unayopiga haipatikani kwa sasa," akasema mwanamke asiyemjua.

Akapiga tena. Mwanamke yuleyule. Akakaa na simu mkononi, akahisi amemuua mtu mara ya pili, na safari hii kwa kidole chake mwenyewe.

Mrefu alimkuta hivyo. Hakumtania wala kumlaumu. "Twende kwa wenye mtandao," akasema. "Lia njiani, ukifika pale uwe umemaliza, wale wanataka maelezo."

Dukani kwa kampuni ya simu, mhudumu alikuwa msichana mwenye kucha ndefu na subira ndefu zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, ulitaka kufuta njia moja, ukafuta zote," akasema. "Ile ya kuelekeza simu zote hulala juu ya nyingine. Ungeitoa hiyo peke yake, za chini zingebaki kama marehemu alivyoziacha. Ulivyofanya, umeng'oa na ile ya kupeleka watu kwenye ujumbe wa sauti."

"Na sauti yenyewe?"

"Sauti haikai kwenye simu, inakaa kwetu. Umefuta barabara, nyumba hujaibomoa. Ngoja tuone."

Akabonyeza, akapiga kwa simu yake ya dawati, akaiweka kipaza sauti. Mlio mmoja, miwili. "Umempigia Fundi Baridi." Mrefu akageuka akatazama bango la ukutani kwa bidii, kana kwamba anataka kununua kitu.

"Naweza kukuonyesha namna ya kumrekodi," mhudumu akasema taratibu. "Umtumie Mama, asikilize akitaka. Fanyeni hivyo hata hivyo, maana laini isipotumika hufungwa."

"Nitarekodi. Ila nilikwisha waza hilo njiani. Mama hataki kanda. Anataka apige."

"Na wateja je? Maana kila hali ina njia moja. Simu ikiwa imezimwa, wote wataenda kwa marehemu. Ukielekeza zote, wote watakuja kwako. Mtandao hauchagui huyu ni mama, huyu ni bucha."

Mkewe Fundi akauliza, "Ikiwa imewashwa, na nisipopokea?"

"Itaita, kisha itaenda kwenye ujumbe wa sauti."

"Na jina la anayepiga nitaliona?"

"Utaliona."

"Basi mimi ndiye nitakayechagua."

Mrefu akageuka kutoka kwenye bango. "Shemeji, utaweza? Kuiacha iite?"

Mhudumu akaongeza jambo moja. Ile huduma ya simu kusubiri, ambayo marehemu hakuipenda, sasa iwashwe kwenye laini yake. Bila hiyo, Mama akipiga wakati mteja yuko hewani, ataikuta imeshikika, na sauti hatoisikia. Ikiwashwa, simu yake itangoja, na isipopokelewa itafika inakokwenda. Wakaiwasha.

Siku iliyofuata simu ya marehemu ilichomekwa kwenye chaji juu ya meza, kando ya ile ya mezani. Asubuhi ilipiga bucha, akapokea. Ikapiga zahanati, akapokea, akamtuma Mrefu mbio. Mchana, jina la mama likatokea kwenye kioo. Mkono wake ulikwenda wenyewe, akaurudisha mapajani, akaushika kwa mwingine. Simu iliita kwa muda ambao hakujua kuwa simu inaweza kuita. Ikanyamaza.

Jioni wifi akatuma ujumbe: jirani kasema sahani ya Mama imerudi jikoni tupu.

Sasa kila mchana simu ile huita karakanani, na watu wote waliomo huacha wanachofanya, na hakuna anayeipokea.