Gitaa la Mzee Anaeli Linakoroma

Tangu arudi kutoka hospitali, kila asubuhi Mzee Anaeli alimaliza mtori wake, akafuta midomo, akaagiza gitaa. Binti yake, Loveness, alimletea pale barazani, akamwekea mapajani, kisha akarudi kukata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba. Mikono yake ilikuwa kwenye panga lakini masikio aliyaacha barazani.

Mkono wa kulia wa baba yake ulikuwa mzima. Wa kushoto kiharusi kiliuchukua wote, kikaurudisha nusu. Uliweza kufunga kifungo cha shati, uliweza kushika kikombe kisichojaa. Sasa alikuwa anautaka ubane nyuzi sita.

Akapiga. Badala ya sauti likatoka koromo, kama nzi aliyefungiwa ndani ya debe.

"Nyuzi ziko juu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi zizini. "Na zikibanwa zinakoroma. Gitaa limeharibika mimi nikiwa wodini, na nyie wote mmekaa mnaliangalia."

"Mimi niliangalia ng'ombe," mama Loveness alijibu kutoka jikoni. "Gitaa halikamuliwi."

Ila alichosema mzee kilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliompa Loveness matumaini. Gitaa lilining'inia masika yote kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, ukuta ambao mvua za mlimani zikianza hutoa jasho hadi Juni. Mbao hunywa unyevu huo zikavimba, shingo ikapinda. Kama ubaya ulikuwa wa gitaa, basi ulikuwa na dawa. Na dawa ilitakiwa upesi, maana Jumapili ya mavuno ilikuwa inakaribia.

Godlove, mwalimu wa kwaya, alikuwa amekuja kumjulia hali. "Tunakusubiri, mzee wetu," alisema. "Ila usijisumbue, kinanda kipo." Mzee Anaeli alilisikia lile neno la mwisho tu. Alikuwa amepigia kwaya ile gitaa tangu kabla Loveness hajazaliwa, na kila aliyeshika gitaa pale usharikani, Loveness akiwa wa kwanza, alifundishwa na yeye.

Mgeni alipoondoka alisema, "Nisipopiga mavuno, sipigi tena." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya soko.

Loveness akampigia simu Basili, kijana anayepiga gitaa kwenye hoteli za Moshi na kutengeneza ya wenzake. Basili alipanda siku iliyofuata na bodaboda kutoka Himo, na seti ya nyuzi nyembamba mfukoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari?"

"Nesi tu, mzee. Daktari yuko Dar, na mgonjwa mwenyewe hasafiri."

Mzee Anaeli akacheka kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Basili alivisha nyuzi mpya, akazipandisha hadi sauti zake za kawaida, kwa sababu shingo haipimwi nyuzi zikiwa zimelegea. Akamwambia Loveness abane uzi mnene kwenye freti ya kwanza, kile chuma chembamba cha kwanza kinachokatiza shingo, mwenyewe akabana pale shingo inapoungana na tumbo. "Sasa uzi wenyewe ni rula. Chungulia hapo katikati."

Loveness akachungulia. Kati ya uzi na freti palikuwa na nafasi ya kupitisha sarafu.

"Panatakiwa papite karatasi tu," alisema Basili. "Shingo imevutwa mbele. Ndiyo maana nyuzi ziko juu."

Ndani ya shingo, alieleza, kuna chuma kirefu kilichofichwa, kazi yake ni kushindana na mvuto wa nyuzi. Alilegeza nyuzi, akaingiza ufunguo wa L kupitia tundu la gitaa, akazungusha robo kwenda kulia, akaacha. "Robo, halafu unaliacha lilale. Kesho unapima, unaongeza robo nyingine kama bado. Ukikaza kama unafunga tairi la fuso, unakata chuma, na gitaa unawapa watoto wakaogeshee bata."

Alimwachia ufunguo, msasa, na maelekezo ya yaliyobaki. Loveness hakuhitaji kurudiwa.

Kesho yake akaongeza robo. Nafasi ya sarafu ikawa nafasi ya karatasi. Nyuzi zikashuka, lakini pale freti ya kumi na mbili bado zilikuwa juu, kwa hiyo akalegeza tena, akachomoa kwa koleo kile kifupa cheupe kinachobeba nyuzi kwenye daraja. Akachora mstari wa penseli chini yake. Basili alisema ukitaka nyuzi zishuke kiasi fulani katikati ya shingo, kifupa ukipunguze mara mbili ya kiasi hicho, na ukipunguze chini, juu usikiguse. Akabandika msasa kwenye kipande cha kioo cha dirisha ili chini pabaki bapa, akasugua taratibu, akipima kila mara. Unga mweupe akaukusanya kwenye kifuniko cha soda.

Unga huo ulikuwa na kazi. Uzi wa tatu ulikoroma hata ukipigwa mtupu, bila kidole. Koromo la namna hiyo halitoki kwenye freti za mbali, linatoka kwenye kifupa cha juu, karibu na vichwa vya kukazia. Mfereji wa uzi ule ulikuwa umechimbika sana, uzi ukalalia freti ya kwanza. Ni baba mwenyewe aliyeuchimba kwa wembe, zamani, akitaka nyuzi ziwe laini. Loveness akajaza unga wa mfupa ndani ya mfereji, akadondoshea tone la supaglu, likakauka kama jiwe, kisha akauchonga upya kwa msasa uliokunjwa. Ukalia safi.

Ikabaki freti moja, ya tano. Aliweka ukingo wa kadi ya benki juu ya freti tatu kwa pamoja, na pale kadi ilichezacheza kama meza ya mguu mfupi. Freti ya katikati ilikuwa imeinuka. Akaifunika kitambaa, akaigonga kwa nyundo ndogo hadi kadi ikatulia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu. "Ungekuwa unalitengeneza hivyo na bomba la maji."

"Bomba halipigi mavuno, mama."

Loveness alipiga kila uzi kwenye kila freti, kuanzia juu hadi tumboni. Hakuna hata mmoja uliokoroma. Nyuzi zilikuwa chini, laini, mtoto angezibana. Akalipeleka barazani akitembea haraka, karibu akimbie.

Mzee Anaeli alilipokea, akakaa sawa. Akapanga vidole vya kushoto kimoja kimoja, kwa macho, kama anayepanda mbegu. Akapiga.

Likakoroma.

Akabana tena. Kidole kidogo kililala nyuma sana, mbali na freti. Uzi ulizama nusu, ukagusa chuma bila kukaa juu yake. Likakoroma.

"Hebu lete, Baba," Loveness alisema bila kufikiri. Alilichukua, akashika vilevile alivyoshika baba yake, akapiga. Sauti ikatoka nzima, pana, ikaenda hadi kwenye migomba ya jirani. Ndipo akagundua anachofanya. Akazifunika nyuzi kwa kiganja, lakini sauti ilikuwa imekwishafika.

Mzee Anaeli alikuwa anaangalia miti ya kahawa, si binti yake.

"Kwako linalia," alisema.

"Nimebahatisha, Baba."

"Umebahatisha." Alikunja mkono wa kushoto, akaukunjua. "Shusha tena, mama. Bado ziko juu kidogo."

Hazikuwa juu. Loveness alijua, na alimpigia Basili ili tu mtu mwingine ajue.

"Usiguse hapo," alisema Basili. "Uzi ukipigwa unacheza, unahitaji nafasi yake. Na hizo ni nyembamba, zinacheza zaidi. Ukishusha zaidi ya hapo litakoroma kwa kila mtu."

"Kwa kila mtu?"

"Hata kwa malaika, Love."

"Asante, Basili."

Alikaa na simu mkononi. Ng'ombe alikuwa analia njaa na hakuna aliyemkatia. Barazani baba yake alikuwa ananyoosha kidole kimoja kimoja kwa kutumia mkono wa pili, akikihesabia pumzi, jinsi walivyomfundisha hospitali. Alikuwa amefanya hivyo kila siku tangu arudi, na kidole kidogo hakikusogea hata kidogo zaidi ya siku ya kwanza.

Loveness akachomoa kifupa. Safari hii hakuchora mstari. Alisugua kwenye kioo, akasugua, akapita pale alipopaswa kusimama na akaendelea, na machozi yalipoanza kuudondokea unga hakuyafuta, kwa kuwa unga huu haukuwa na kazi tena.

Asubuhi baba alipiga. Likakoroma. Loveness akalichukua kwa mikono miwili, akakaa mbele yake aonekane vizuri, akapiga. Likakoroma. Akapiga kwa kubana sana, hadi ncha za vidole zikawa nyeupe. Nyuzi zikagongana na freti kama vijiko ndani ya sufuria.

"Umesikia?" aliuliza.

Mzee Anaeli alizitazama ncha nyeupe za vidole vya binti yake. Kisha akatazama gitaa.

"Kumbe ni gitaa."

"Ni gitaa, Baba. Unyevu umeliharibu. Halitengenezeki."

"Sawa," alisema. "Liondoe hapa basi. Majani ya ng'ombe umekata?"

Jumapili ya mavuno watu walileta mikungu, mahindi, kuku waliofungwa miguu. Kwaya iliimba na kinanda. Mzee Anaeli alikaa benchi la tatu, kofia magotini. Godlove alipomfuata nje na kumuuliza kuhusu gitaa, alijibu mbele ya watu, kwa sauti ya kutosha: "Limekufa. Lingekuwa zima mngenisikia." Watu wakasema pole. Wazee wenzake wakamshika mkono, ule wa kulia, wakazungumza juu ya magitaa ya zamani jinsi yalivyokuwa magumu kuharibika. Loveness alisimama na sare yake ya kwaya, akasikiliza mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata Basili alipiga simu akiwa Himo, kwenye kelele za magari ya Marangu.

"Nimesikia gitaa limekufa, nikajua umekishusha kifupa. Nimekupatia kipya, kizima, kirefu. Napanda sasa hivi. Nakichonga hapohapo, leo leo gitaa linalia kama zamani."

Loveness alikuwa amesimama uani na ndoo ya maziwa. Baba yake alikuwa barazani, hatua chache tu, na hakuna kitu mapajani mwake.

"Usije, Basili."

"Kwa nini? Ni kazi ndogo kabisa."

Loveness aliitua ndoo chini. Mzee Anaeli hakugeuza kichwa. Aliuweka mkono wa kushoto chini ya koti, pale usipoonekana.

"Mwambie asihangaike," alisema. "Mwambie tumeshaliangalia wenyewe."