Tofali la Kuzimia Sigara

Bwana Hatherley alikuwa amewahi kufanya kazi katika kiwanda cha chuma cha pua huko kwao Ulaya, na hakuna mtu mjini Embu aliyeruhusiwa kulisahau jambo hilo. Ukimwambia mvua imenyesha, atakwambia ya kwao ilivyonyesha juu ya bati la kiwanda. Ukimwambia kiatu kimekubana, atakueleza viatu vya mafundi wa kwao. Miaka minne alikaa kiwandani, akipima makaa kwenye mizani, na kwa miaka hiyo minne alijitwalia utaalamu wote wa tanuri duniani. Debe tupu, wahenga walisema, haliachi kuvuma.

Karakana yake ilikuwa ukingoni mwa mji, kwenye barabara iendayo Meru. Kila Alhamisi waliwasha tanuri refu la duara, wakalimwagia kutoka juu makaa, vyuma vikuukuu na mawe ya chokaa, feni ikavuma chini, na mchana chuma kikatiririka kuingia kwenye kalibu za mchanga. Hapo yalitoka magurudumu ya pampu na sahani za mashine za kumenyea kahawa. Ijumaa tanuri lilikuwa baridi kama kaburi, mpaka Alhamisi nyingine.

Fundi wa kulijenga na kuliziba tanuri hilo alikuwa Nthiga wa Njoka, mtu wa Mbeere, kutoka upande wa Siakago. Baba yake aliyeyusha mchanga mweusi wa mtoni kuwa chuma tangu kabla hajaiona suruali. Mzee Njoka alikuwa na neno moja ambalo Nthiga alilibeba maisha yake yote: tanuri haliuawi na moto, linauawa na mavi. Mavi ya chuma, yaani ule uchafu mzito unaoelea juu ya chuma kilichoyeyuka, uking'aa kama asali. Moto huunguza tu. Mavi hula ukuta.

Mwaka huo wa hamsini na sita, ukuta wa ndani ulikuwa umeliwa hadi kubaki unene wa vidole viwili, na kampuni moja ya Nairobi ikaleta masanduku matatu ya matofali ya kujaribia. La kwanza lilikuwa la matofali ya alumina, ya rangi ya maziwa yaliyoingia chai. La pili la magnesia, mazito na ya kahawia. La tatu la silika, manjano hafifu, magumu, yanayolia vizuri ukiyagonga. Bwana Hatherley aliyagonga yote matatu kwa fimbo yake, akasikiliza, akatabasamu.

"Silika," alisema. "Kule kwetu paa yote ya tanuri ilikuwa silika. Kaa mwezi, kaa miezi sita, hapana anguka. Mutegi! Andika barua. Silika."

Mutegi, karani kijana wa Kanyakine mwenye tai moja na woga mwingi, aliandika.

Nthiga alivua kofia. "Bwana, kule kwenu moto ulikuwa unazimwa?"

"Zimwa? Hapana! Usiku na mchana."

"Hapa tunazima kila wiki. Hii silika ikipoa inapasuka. Na tena sisi tunaweka chokaa mingi, kwa sababu makaa yetu iko na kiberiti mbaya, ile salfa. Mavi yetu ni ya chokaa. Chokaa na silika haikai pamoja, Bwana. Zinakulana."

"Wewe nafikiri mimi mjinga?"

Swali la namna hiyo, katika miaka ile, lilikuwa mtego. Mtu wa Embu au wa Meru alitembea na pasi ya serikali ya kikoloni mfukoni, na pasi ile ilikuwa na mdomo kuliko mwenyewe. Ukifukuzwa kazi kwa kosa la ubishi, pasi yako hugongwa muhuri mbaya, na mwenye muhuri mbaya hupandishwa lori kwenda kambini kizuizini, asirudi mpaka isahaulike ameendea nini. Nthiga alikuwa na mke, Wambeti, na watoto watatu. Alirudisha kofia kichwani.

Lakini hakurudisha mawazo. Siku iliyofuata alichukua tofali moja moja kutoka kila sanduku, akachimba katikati ya kila moja kwa tindo, shimo la kutosha kikombe. Alisaga mavi ya chuma ya Alhamisi iliyopita, akayajaza mashimo yote matatu sawasawa, akayapanga matofali pamoja kwenye moto wa mhunzi na kuyajengea kibanda cha udongo. Feni ilivuma kwa muda wa saa nne. Kisha akayatoa nje, mbele ya Mutegi, yapozwe na upepo uleule utakaoyapoza tanurini.

Silika ilikuwa imeliwa. Shimo la kikombe limekuwa shimo la sufuria, na katikati ya kitako ufa umefunguka, mavi yamepita na kuishia majivuni. Magnesia haikuguswa na mavi hata kidogo. Kikombe chake kilikuwa safi. Ila ilipopata hewa baridi ilitoa mlio, ikapasuka vipande viwili, kisha vitatu. Na matofali yake mengine yaliyoachwa uani kwenye mvua za masika yalikuwa yameanza kupasukapasuka na kuota unga mweupe, kwani magnesia haipendi maji. Alumina ililiwa kiasi cha ukucha. Ilikaa nzima, kikombe chake kimepakwa kioo cheusi kinachong'aa.

"Magnesia ndiyo mwanamume mbele ya mavi," Nthiga alimweleza Mutegi, "lakini haivumilii baridi wala maji. Hii alumina si bingwa wa chochote. Inavumilia kila kitu kidogo. Sisi tunataka mvumilivu, si bingwa."

"Mzee, nani atamwambia Bwana?" Mutegi aliuliza, tayari amerudi nyuma hatua mbili.

Nthiga aliyabeba mwenyewe hadi ofisini, akayapanga mezani. Bwana Hatherley aliyatazama kama mtu aliyeletewa panya. Akacheka mpaka akakohoa. Mtoto wa Mbeere anapika matofali kama viazi! Kisha, ili ajulikane kuwa ni mtu wa utani, alijaribu kuzimia sigara yake katika lile la silika. Majivu yakapita kwenye ufa, yakamwagikia barua zake. Akalisukuma mlangoni, lizuie mlango usigongwe na upepo. Vipande vya magnesia akavitupa uani. La alumina alilivuta karibu na mkono wake, akazimia sigara ndani, akaridhika.

"Hii mzuri," alisema. "Nenda kazi."

Silika ikaja. Nthiga aliijenga kwa uangalifu wote aliojaliwa, viungo vyembamba kama karatasi, kwa sababu mtu akilazimishwa kufanya upuuzi, afadhali aufanye vizuri. Alhamisi ya kwanza aliomba kuwasha kuni polepole tangu siku ya Jumatano. Akakataliwa, kuni ni gharama. Moto ulipopanda, wote waliisikia: ta! ta! ta! ndani ya ukuta. Bwana Hatherley akasema ni matofali yanakaa sawa. Alhamisi ya pili vipande vilishuka pamoja na mavi, na gamba la chuma la nje likawa moto kuliko kawaida. Nthiga alionyesha. Akaambiwa aone kazi yake.

Alhamisi ya tatu, saa nane mchana, upande wa kusini juu kidogo ya midomo ya kuingizia upepo wa feni, mahali mavi hukaa na kuguguna, gamba la chuma lilianza kuwa jekundu. Nthiga alipiga kelele watu watoke. Walitoka. Ukuta ukafunguka, na chuma chote cha siku hiyo kikamwagika sakafuni, kikalamba kalibu, kikalamba benchi, kikafika kwenye gari la Bwana Hatherley lililoegeshwa mahali asipopaswa kuegesha, kikala magurudumu mawili ya mbele. Hakuna aliyeungua. Kwa hilo Nthiga alimshukuru Mungu palepale, kwa sauti.

Bwana Hatherley hakumshukuru mtu. Alimpigia simu polisi.

Inspekta Lorimer alifika kabla chuma hakijapoa, na askari wawili. Alikuwa mtu mwembamba, aliyechoka, anayezungumza Kiswahili cha kueleweka. Aliketi ofisini, akamsimamisha Nthiga mbele ya meza, na pasi ya Nthiga ikawekwa juu ya meza kando ya mihuri miwili, mmoja mwema na mmoja mbaya. Nthiga aliutazama ule mbaya. 

"Huyu amefanya makusudi," Bwana Hatherley alisema. "Mau Mau. Alisema tanuri litavunjika, na limevunjika!"

"Ni kweli ulisema?" Lorimer aliuliza.

"Nilisema, Bwana. Nilisema mbele ya karani. Na nilimpa Bwana ushahidi."

"Uko wapi?"

"Ndio huo unataka kuzimia sigara."

Lorimer alikuwa ameinyoosha sigara yake. Aliusimamisha mkono. Akalivuta tofali, akamwaga majivu kwenye sakafu safi ya mwenzake, akakitazama kile kikombe cheusi.

Nthiga alieleza: matofali matatu, mavi yaleyale, moto uleule, baridi ileile. Mutegi aliulizwa kama ni kweli. Karani alitazama dari, akatazama tai yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akasema jambo ambalo hakuagizwa. "Ni kweli, Bwana. La silika ndilo hilo la mlangoni. Na barua ya kuagiza silika niliiandika siku moja kabla ya jaribio hilo."

Lorimer aliinuka, akaokota tofali la mlangoni, akaliweka kando ya lile jingine. Akamgeukia Bwana Hatherley.

"Uliletewa yote mawili. Kwa nini hili ulizuilia mlango, na hili ukalifanya la sigara?"

"Kwa sababu lile linavuja," alisema Bwana Hatherley.

Alilisema upesi, kama mtu anayejibu swali la kitoto. Kisha akalisikia neno lake mwenyewe. Uso wake ulianza kubadilika rangi kutoka shingoni kwenda juu, na hakuna aliyemsaidia.

Lorimer alichukua mmoja wa mihuri ile. Akaugonga, na Nthiga, aliyekuwa amefumba macho, alipoyafumbua alikuta ni ule mwema. Inspekta akalifunga tofali la alumina katika gazeti, akasema ni kielelezo cha faili, akaondoka nalo.

Usidhani mwenye kosa alilipa. Wiki ile barua ilikwenda Nairobi ikilaumu silika mbovu, na nyingine ikaagiza alumina, "kama nilivyopendekeza tangu mwanzo." Mutegi aliichapa bila kutazama juu. Ukuta mpya wa Nthiga ulivumilia Alhamisi baada ya Alhamisi, na wageni wakaambiwa ni ujuzi wa Ulaya.

Ila siku matofali ya alumina yalipofika, Nthiga aliingia ofisini kofia mkononi. Bwana Hatherley alikuwa na sigara, na hana pa kuizimia. Nthiga aliinama mlangoni, akaokota lile tofali la silika, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akaliweka mbele yake kwa heshima zote.

"La kwako, Bwana," alisema. "Ulilichagua mwenyewe."

Akatoka. Kutoka dirishani mafundi walimwona Bwana Hatherley akilitazama tofali, sigara ikifupika vidoleni mwake, mpaka ikamuunguza.