Nyumba Iliyouzwa Bila Mnunuzi

Nikatwe ulimi kama nadanganya. Seremala mmoja alimpa bintiye nyumba, ikaja barua ya kodi, eti kaiuza.

"Baba, nilikulipa lini?" binti akauliza wakiwa ofisi ya kodi.

"Karani wa ardhi ndiye aliyeandika bei, mwanangu!"

Afisa akasoma hati ya zawadi na cheti cha kuzaliwa. "Mzazi kampa mwanawe bila malipo. Hayo si mauzo. Sahihisheni fomu ya uhamisho, nami nitaifuta kodi yote."

Seremala akapigwa na butwaa. Karatasi mbili tu, na mlima mzima umeondoka mabegani!

Afisa akaigeuza fomu. Penye bei, thamani ya nyumba ilijazwa kwa mwandiko wa seremala.

"Baba!"

Akacheka kwa aibu, akatoa pochi, akalipia masahihisho.