Baba Alilia Sekunde Nane

Mama alikuwa na duka la vyombo vya umeme: pasi, birika, blenda. Siku hizo alikuwa ameleta mashine ndogo za kukatia vitunguu, nazo zilikaa tu rafuni zikila vumbi. Ndipo akamwita bintiye, ambaye kazi yake ni kutengeneza matangazo ya video.

"Nimeshaandika mwenyewe," Mama alisema, akamsomea. Salamu, historia ya duka, nguvu ya mota, kisha ofa nne.

"Mama, hiyo dakika mbili. Tunazo sekunde thelathini. Shida kwanza, mashine ifanye kazi watu waone, halafu ofa. Moja."

"Na salamu?"

"Ukisalimia, watu mtandaoni wameshapita."

Mama alinuna, lakini mchana walikuwa jikoni, simu imesimamishwa juu ya kabati. Sehemu ya shida ilikuwa Mama akate kitunguu huku machozi yakimtoka. Akakata cha kwanza, cha pili, cha tatu. Macho makavu! Miaka yote hiyo jikoni, vitunguu vilishamzoea. Kila alipojaribu kukunja uso, alicheka.

Baba, dereva mstaafu, alikuwa mlangoni akijichekea. "Kulia tu ndiyo kazi? Hebu nipishe."

Akashika kisu. Hata nusu hakufika, machozi yakaanza kumchuruzika hadi kwenye masharubu. Akajifuta kwa kiganja kilekile chenye kitunguu.

"Yarabi! Mama watoto, nakufa!"

Binti aliuma midomo asicheke, simu ikiendelea kurekodi. Mama, bila kuambiwa, akamsogeza mumewe kwa nyonga. Akakata kitunguu vipande vinne, akavitia kwenye bakuli la mashine, akafunga kifuniko, akabonyeza na kuachia, akabonyeza na kuachia. Akafungua, akaliinamisha bakuli kuelekea kwenye simu. Vimekatika vidogo vidogo.

Baba alichungulia kwa jicho moja. "Kwisha?"

"Kwisha," Mama akajibu, kisha akatazama simu. "Ukinunua wiki hii, tunakuletea mpaka mlangoni bure. Piga namba hii."

Binti alipunguza kilio cha Baba kikabaki sekunde nane, mashine ikapewa kumi na tano bila kukatwa popote, watu wasije wakadhani ni kiini macho. Zilizobaki zikawa za ofa na namba ya simu. "Kwisha?" haikuwa kwenye maandishi, lakini hakuthubutu kuigusa.

Tangazo likarushwa mtandaoni, na kufika Ijumaa rafu ilikuwa tupu. Wateja waliingia wakimuulizia mzee wa masharubu, naye alikuwepo, amevaa shati jipya, anawashika mikono kama bwana harusi.

Mama alimpigia bintiye simu huku akicheka. "Njoo kesho tufanye la pasi. Sikiliza: shati jeupe, limeungua mgongoni, na harusi inaanza saa nne. Eeh? Baba yako anasema shati hilo avae yeye."