Mifano Saba ya Gashira

Hukumu ilikuwa saa nane mchana, na neno lilikuwa moja tu. Mchungaji aliyeko rumande kwa shtaka la kuiba mbuzi alikuwa amesema kwa lugha yake ya milimani: "Mbuzi wale niliwagashira."

Mtafsiri wa mahakama, ambaye makarani walimwita Mwalimu kwa kupenda kwake kusahihisha watu, aliijua lugha ile kwa kujifunza ukubwani. Akafungua kamusi. Gashira: kuchukua mnyama wa mwingine. Basi! Kwa ruhusa au kwa wizi, kamusi haikujisumbua kusema.

Akatafuta mifano kwenye kompyuta ya ofisi, ikaja saba, yote imetafsiriwa "kuiba". Saba, jamani! Moyo ukatulia. Hata hivyo, akamwita mfagiaji, mzaliwa wa milimani, bila kumgusia kesi.

"Shangazi, hebu nitungie sentensi yenye gashira."

"Marehemu baba alimgashira ng'ombe wa jirani miaka mitatu. Akamtunza, akamkamua, na ndama wa kwanza akapewa yeye."

"Jirani alijua?"

"Ee, mwanangu! Angempaje ndama bila kujua?"

"Na huyu mchungaji wa rumande unamfahamu?"

"Wa kijijini kwetu kabisa."

Ahaa! Mwamba ngoma huvutia kwake. Huyu mama hufagia ukumbi wa mahakama kila siku, atakosaje kuisikia kesi? Mwalimu alikasirika kuona mama anataka kumchezea. Akaamua kuifungua ile mifano mmoja mmoja, ajue imetoka wapi, kisha amwumbue.

Wa kwanza ulitoka kwenye maelezo ya mshtakiwa wa zamani. Wa pili vilevile. Hapakuwa na barua, wala gazeti, wala mazungumzo ya wenyeji. Yote saba ilitoka kwenye kesi za mahakama hii hii, na kila tafsiri ilinakiliwa kutoka ile iliyoitangulia. Kumbe huo ulikuwa ushahidi wa mtu mmoja! Akamshuku mtangulizi wake, yule mvivu aliyestaafu. Akafungua faili kongwe kuliko zote, akateremka hadi sahihi ya mtafsiri.

Ilikuwa yake. Mwaka wake wa kwanza kazini, alibahatisha.

Akampigia simu bwana mifugo wa milimani, mzaliwa wa kule, asiyejua lolote kuhusu kesi, akamwomba sentensi tu yenye gashira. Akapewa sentensi ya mjane aliyemkabidhi binamu mbuzi wake amtunzie, kwa mapatano.

Saa nane kasoro dakika tano alibisha mlango wa hakimu.

"Mheshimiwa, naomba usisome hukumu. Mchungaji alisema alikabidhiwa mbuzi awatunze. Hakukiri wizi."

Hakimu akashusha miwani. "Vizuri umewahi. Kuna lingine?"

Mwalimu aliona haya hata kunyanyua uso. Akaweka mezani karatasi yenye namba za kesi.

"Wapo wengine saba, mheshimiwa. Hao niliwafunga mimi."